Nguvu ya img2img: mtindo ubadilike, mlango ubaki pale pale

*"Assalaam aleikum mtaalamu. Nina picha niliyoipiga kwa simu Mji Mkongwe, ya wima: mlango wa nakshi upande wa kushoto, bibi amekaa barazani upande wa kulia, na uchochoro unaokwenda mpaka kwenye mwanga. Nataka picha nzima igeuke mchoro wa rangi za maji kwa ajili ya kalenda ya kuuza, na nakala nyingine iwe ya Tingatinga. Natumia Stable Diffusion 1.5 ndani ya AUTOMATIC1111, sehemu ya img2img, saizi 1024 kwa 1024, hatua 20. Nikiweka nguvu 0.3 napata picha ileile, ila imefifia. Nikiweka 0.75 baraza linageuka ngazi, bibi anakuwa wawili na mlango unahama. Nikapandisha CFG mpaka 15 ili inisikilize, mambo yakazidi kuharibika. Namba sahihi ni ipi?"*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Kwa rangi za maji anza na 0.5, na sidhani kama utahitaji kuvuka 0.6. Kwa Tingatinga hakuna namba moja itakayokutosha, na nitakueleza kwa nini. Ila kuna mambo mawili kwenye mipangilio yako yanayokuharibia kazi hata kabla ya kugusa nguvu, nayo ni saizi na hatua. Tukiyaacha hayo, nikikupa 0.5 utanirudia na malalamiko mapya.

Kwanza tuelewe kitelezi cha `Denoising strength`, ndiyo hiyo nguvu, kinafanya nini, maana wengi wanakichukulia kama kipimo cha kuchanganya: 0.3 iwe asilimia 30 mchoro na asilimia 70 picha. Sivyo kinavyofanya kazi. Modeli, yaani Stable Diffusion yenyewe, ikipokea picha yako huibana kwanza iwe picha ndogo ya ndani, ambayo kila kiini chake kimoja kinasimamia eneo la pikseli 8 kwa 8. Kisha inaimwagia chenga, zilezile tulizozizoea kwenye televisheni iliyopoteza mawimbi. Namba unayoweka ndiyo inayoamua chenga zimwagwe kwa kiasi gani. Halafu modeli inaanza kuzifuta kidogo kidogo, na kila inapofuta inabuni kilichokuwa chini yake kwa kufuata maneno uliyoandika. Ukiweka 1 picha yako inazama karibu yote. Ukiweka 0 haimwagiwi kitu. Wazo hili lilielezwa vizuri mwaka 2021 katika kazi iitwayo SDEdit, ambapo watafiti walichukua michoro ya rangi iliyopakwa ovyo, wakaimwagia chenga, na modeli ikaitoa kama picha halisi yenye mpangilio uleule.

Chenga hazipandi sawasawa na namba. Kwa ratiba ya kawaida ya kumwaga chenga ya Stable Diffusion 1.5, ukiweka 0.3 picha yako inabaki na uzito wa takriban 0.77, na chenga zina uzito wa 0.64. Zinalingana mapema, mahali karibu na 0.35. Ukifika 0.5 picha imeshuka hadi 0.53 na chenga ni 0.85, yaani unapodhani uko nusu kwa nusu, chenga tayari zimeizidi picha. Na ile 0.75 uliyotumia, ambayo AUTOMATIC1111 huiweka yenyewe unapoifungua, inaacha picha na uzito wa 0.24 dhidi ya chenga 0.97. Ndiyo maana mlango ulihama. Modeli haikuwa imeuona vizuri.

Sasa utauliza: kama kwenye 0.5 chenga zimeizidi picha, mbona mpangilio unabaki? Jibu la swali hilo ndilo litakalokuwezesha kuchagua namba mwenyewe kwa picha yoyote. Chenga zinamwagwa kwa kiini kimoja kimoja, kila kimoja kwa bahati yake. Kitu kikubwa, kama kivuli cha ukuta mzima au ule mwanga mwishoni mwa uchochoro, kimeenea kwenye mamia ya viini, na ukivitazama kwa pamoja chenga zinafutana zenyewe, umbo likabaki linaonekana. Kitu kidogo, kama njumu moja ya shaba mlangoni, kimekalia kiini kimoja au chini ya hapo, na chenga chache tu zinatosha kukizamisha. Kwa hiyo unapopandisha nguvu, picha haififii yote kwa mkupuo. Vinatoweka vidogo kwanza, kisha vya kati, na vikubwa mwisho kabisa. Namba ile inapanga ukubwa wa kitu kidogo kuliko vyote kitakachosalimika.

Basi kila picha ina maswali mawili. Kitu kidogo kuliko vyote ambacho lazima kibaki mahali pake ni kipi? Na kitu kikubwa kuliko vyote ambacho mtindo unataka kukibadilisha ni kipi? Rangi za maji zinabadilisha vitu vidogo: ngozi ya ukuta, kingo za vivuli, nakshi kuwa mipigo ya brashi. Mabaka makubwa ya giza na mwanga hayaguswi sana. Wewe unataka baraza, mlango na umbo la bibi vibaki, navyo ni vikubwa kuliko mipigo ya brashi, kwa hiyo katikati kuna nafasi ya kutosha na namba ya kuweka hapo ipo. Tingatinga inataka kivuli kizima kiondoke na ukuta mzima uwe rangi moja bapa. Hapo mtindo unadai kubadilisha vitu vikubwa kuliko vile unavyotaka kuvilinda, na kitelezi kimoja hakiwezi kutumikia matakwa yote mawili.

Turudi kwenye saizi. Modeli ya 1.5 ilifundishwa kwa picha za pikseli 512 kwa 512. Ukiipa uwanja wa 1024 kwa 1024 pamoja na chenga nyingi, kila sehemu ya uwanja inaanza kubuni picha kamili ya kwake, na hapo ndipo bibi wa pili anapozaliwa. Tatizo hilo linatokana na saizi zaidi kuliko nguvu. Pili, picha ya simu ya wima kwa kawaida ina uwiano wa 3 kwa 4. Ukiisukuma kwenye mraba huku umechagua `Just resize`, inavutwa kwa upana, mlango unanenepa na baraza linarefuka. Tumia 576 kwa 768. Uwiano wake ni uleule wa 3 kwa 4, namba zote mbili zinagawanyika kwa 8, na saizi hiyo haiko mbali na ile modeli iliyoizoea. Kukuza picha kuna wakati wake, baadaye.

Hatua nazo, yaani mara ambazo modeli inafuta chenga. AUTOMATIC1111 isipobadilishwa hukokotoa hatua kwa kuzidisha na nguvu. Uliomba 20, ukaweka nguvu 0.3, zikafanyika kama 6 tu. Huenda hilo limechangia ule ufifi ulioupata: modeli ilipewa chenga za kufuta na haikupewa muda wa kuzifuta kwa utulivu. Weka hatua 40, ili hata kwenye 0.5 zipatikane 20 za kweli. Wanaotumia ComfyUI wajue kwamba kule hatua unazoomba ndizo zinazofanyika zote bila kujali nguvu, kwa hiyo usinakili mipangilio ya mtu bila kuuliza anatumia programu gani.

Na CFG irudishe kwenye 6 au 7. Kitelezi kile kinaamua modeli iyafuate maneno yako kwa ukali kiasi gani, wala hakihusiani na kuifuata picha. Ulipokipandisha hadi 15 uliyasukuma maneno yaishinde hata ile picha kidogo iliyokuwa imesalia chini ya chenga, na rangi zikaungua.

Kabla ya kupakia picha, ifungue kwanza kwenye programu ya kuhariri uliyo nayo na uipandishe mwanga wa vivuli. Watu huruka jambo hili, na mimi naliona ndilo lenye faida kuliko yote kwa kazi kama yako. Vichochoro vya Mji Mkongwe vina giza zito chini na mwanga mkali juu. Mchoro wa rangi za maji unategemea weupe wa karatasi, kwa hiyo hata vivuli vyake ni vyepesi. Sasa, tumeona kwamba kwenye 0.5 mabaka makubwa yanatoka kwenye picha yako. Ukipakia picha yenye vivuli vyeusi utapata mchoro wenye vivuli vyeusi, kisha utapandisha nguvu hadi 0.7 kuusaka ule wepesi, na mpangilio utakupotea njiani. Chochote kikubwa unachotaka kibadilike, kibadilishe kwa mkono wako kabla. Inua vivuli mpaka uone rangi ya ukuta ndani yake, punguza kidogo mwanga wa mwisho wa uchochoro ili usiwe shimo jeupe, kisha pakia.

Katika maelekezo usitaje mtindo peke yake. Taja na vilivyomo pichani, na viko wapi. Modeli inapokutana na baka lililozama nusu huuliza maneno yako baka hilo ni nini. Umeandika "mchoro wa rangi za maji" tu, basi baraza linaweza kuwa ngazi, benchi au ukingo wa mfereji, vyovyote itakavyoona inafaa. Ukitaja baraza, baka linapata jina na linabaki lilivyo. Andika kwa Kiingereza, kwa sababu sehemu ya modeli hii inayosoma maneno ilifundishwa zaidi kwa lugha hiyo, na vitu vyetu vieleze kwa umbo lake: kanga iite kitambaa chenye maua, baraza liite benchi la mawe lililojengwa ukutani.

```
watercolor painting of a narrow stone alley,
carved wooden door with brass studs on the left,
old woman in a patterned orange cloth sitting on
a stone bench built into the wall on the right,
bright light at the far end, soft washes, white paper
```

Rangi ya kitambaa badilisha iwe ile iliyomo pichani. Kisha mipangilio:

```
Resize to: 576 x 768
Sampling steps: 40
CFG Scale: 6
Denoising strength: 0.50
Seed: 2024
```

`Seed` ni namba inayoamua chenga zimwagike kwa mpangilio gani. Iache namba yoyote unayoipenda, ila usiibadilishe wakati unatafuta nguvu, la sivyo hutajua tofauti unayoiona imeletwa na nini. Chini kabisa ya ukurasa, kwenye `Script`, chagua `X/Y/Z plot`, weka aina ya X iwe `Denoising`, na kwenye thamani andika `0.40, 0.45, 0.50, 0.55, 0.60, 0.65`. Utapewa picha sita zimepangwa mstari mmoja.

Zisome kuanzia kushoto. Kwa picha ya aina hii tarajia kwamba kwenye 0.40 kuta zitakuwa zimeanza kupata ngozi ya karatasi, ila mlango bado unaonekana umepigwa kamera. Karibu na 0.50 nakshi zinakuwa mipigo ya brashi, njumu hazihesabiki tena, na ukingo wa baraza bado uko pale pale. Kwenye 0.55 mtindo unakuwa umekaa vizuri. Karibu na 0.60 mikono ya bibi inabuniwa upya na maua ya kanga yanakuwa mengine. Kwenye 0.65 ukingo wa baraza unaanza kupata hatua za ngazi au mlango unasogea. Usinishikie namba hizi kama sheria. Ukichagua ratiba ya `Karras`, kwa mfano, 0.5 ileile inamwaga chenga pungufu kidogo. Na ukihamia SDXL, modeli nyingine ya Stable Diffusion ambayo uwanja wake ni karibu na 1024 kwa 1024, kila kitu pichani kinakalia viini vingi zaidi, kwa hiyo mara nyingi utahitaji kupanda kidogo ili upate badiliko lilelile.

Macho hudanganya ukitazama picha mbili kando kwa kando. Fungua mchoro na picha ya asili katika GIMP, moja juu ya nyingine kwa saizi ileile, ya juu ipunguzie uzito mpaka nusu. Fuata ukingo wa baraza, miimo ya mlango na mstari wa kichwa na mabega ya bibi. Ukiona mstari mmoja, mpangilio umekaa. Ukiona miwili inayokimbizana, umehama, hata kama mchoro wenyewe unapendeza.

Ukishachagua namba, tuseme 0.55, ijaribu kwa `Seed` nne tofauti. Chini ya mpaka, michoro yote minne itafanana kama ndugu: brashi tofauti, baraza lilelile. Ukiwa mpakani, miwili itakaa sawa na miwili itapata ngazi. Hapo shuka 0.05 bila kusita. Mchoro mmoja uliokaa vizuri kwa bahati unatosha kama unatengeneza mmoja, ila kalenda ina kurasa nyingi na utataka mtindo mmoja kwa picha zote.

Iwapo 0.50 inalinda kila kitu lakini mtindo ni dhaifu, kuna njia ya kupita mara mbili: toa mchoro kwa 0.40, kisha uuchukue huo huo uupakie tena kwa 0.40. Mara ya pili modeli inaanzia kwenye kitu ambacho tayari kina brashi, kwa hiyo mtindo unaongezeka, na kwa kuwa hakuna mara ambayo chenga zilizidi sana, vitu vikubwa vinaokoka zote mbili. Gharama yake ni kwamba kila kubanwa na kufunguliwa kunakula maelezo madogo na kusogeza rangi. Mimi huishia mara mbili. Ya tatu huleta rangi kali na kingo ngumu, na rangi za maji hazina hivyo.

Sasa bibi mwenyewe. Kwenye picha yenye kimo cha pikseli 768, mtu aliyekaa akichukua sehemu moja ya sita ya kimo ana pikseli 128, na uso wake huenda ukawa na pikseli 20 tu kwa upana. Gawanya kwa 8: viini visivyofika vitatu. Hakuna nguvu ya kuokoa uso uliohifadhiwa kwa viini viwili na nusu. Ukitaka kuhakikisha, weka nguvu 0.05 utazame uso. Ukiwa umeharibika hata hapo, ambapo chenga ni kidogo mno, basi tatizo ni udogo wake. Tiba ni kumaliza mchoro mzima kwanza, kisha kuupeleka sehemu ya `Inpaint`. Paka kinyago juu ya kichwa na mabega, chagua `Only masked` ili eneo hilo likuzwe peke yake wakati wa kazi, na utumie 0.35. Hapo modeli inapata nafasi ya kuchora uso. Uso huo hata hivyo utakuwa wa bibi fulani, si lazima wa bibi yule. Kama kufanana ni muhimu, tumia kipande cha uso kutoka kwenye picha ya asili: kiweke juu ya mchoro mahali pake, laini kingo, kisha upitishe eneo hilo kwa 0.25. Na kwa kuwa kalenda ni ya kuuza, mwendee bibi mwenyewe au watu wake, muoneshe mchoro, uombe ruhusa. Hilo halisubiri kalenda itoke.

Tuje kwenye Tingatinga. Mtindo huu ulianzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta za kung'aa juu ya mbao za masonite. Rangi ni bapa, mistari ya nje iko wazi, hakuna kivuli cha jua, na nyuma mara nyingi ni rangi moja inayokolea kuelekea upande mmoja. Kila kimoja kati ya hivyo kinagusa mabaka makubwa ya picha yako. Ili modeli iviondoe vivuli vya uchochoro unahitaji 0.7 au zaidi, na huko baraza halipo tena.

Njia ni kuushika mpangilio kwa mkono mwingine. ControlNet, modeli ya nyongeza iliyotolewa na Lvmin Zhang na wenzake mwaka 2023, inasoma mistari au kina cha picha ya asili na kuikumbusha modeli yako mpangilio huo katika kila hatua, bila kujali chenga zimezidi kiasi gani. Ukiwa nayo unaweza kupanda hadi 0.8 na mlango ukabaki kushoto. Chagua faili lililotengenezwa kwa 1.5, maana la SDXL halitafanya kazi kwenye modeli yako. Kuhusu aina, jihadhari na `canny`. Kuta za Mji Mkongwe zimebanduka chokaa kila mahali, na `canny` inachukua kila ufa kama mstari muhimu, ukapata ukuta uliojaa mikwaruzo badala ya rangi bapa. `lineart` ina busara zaidi kwa mlango na bibi. `depth` inapuuza nyufa kabisa na inashika vizuri umbali wa uchochoro, ila nakshi haizioni. Mimi ningeanza na `lineart` kwa `Control Weight` 0.8, na `Ending Control Step` 0.75, ili robo ya mwisho modeli iwe huru kunyoosha rangi. Mistari ikiwa migumu kama imekwaruzwa kwa kalamu, shusha uzito hadi 0.6. Jina Tingatinga lenyewe usilitegemee. Eleza unachotaka: rangi bapa za kung'aa, mistari myeusi ya nje, nukta nukta, bila vivuli.

Hata hivyo nikupe maoni yangu ya kweli. Rangi za maji ziendelee kwenye kompyuta, ila kwa Tingatinga ya kalenda ya kuuza ningekwenda kwa mchoraji. Wachoraji wa mtindo huu wapo Dar es Salaam na Zanzibar, wanafanya kazi mbele ya macho yako, na mchoraji anajua kitu ambacho mashine haijui: ni nini cha kuacha. Ataondoa nusu ya nyufa na kumkuza bibi bila kuambiwa. Mpelekee picha iliyochapwa, mkubaliane bei na haki ya kuchapisha, kisha uipige mbao yake picha vizuri kwa ajili ya kalenda.

Kuna jambo moja kwenye mlango wako ambalo naomba ulitazame leo hii kabla ya kuendelea. Milango mingi ya zamani ya Zanzibar ina maandishi ya Kiarabu kwenye kizingiti cha juu, na mara nyingi ni aya za Qur'ani. Modeli hizi hazijui kuandika. Zinachora kitu chenye sura ya herufi kisichosomeka, na hata 0.4 inatosha kuharibu, kwa sababu herufi zilizochongwa ni ndogo kuliko kiini. Ukikuza kizingiti chako ukaona maandishi, usiyapitishe kwenye chenga hata kidogo. Maliza mchoro, kisha uchukue kizingiti cha asili, ukipake rangi ifanane na mchoro kwa kutumia programu ya kawaida ya kuhariri, ukirudishe mahali pake. Halafu muoneshe mtu anayesoma maandishi hayo vizuri, ahakikishe hakuna herufi iliyokatwa ukingoni.

Mwisho ni uchapaji. Mchoro wa 576 kwa 768 ukichapwa kwa nukta 300 kwa inchi unatoka na upana wa sentimita 4.9 na kimo cha sentimita 6.5, sawa na stika. Ukurasa wa A4 kwa kipimo hicho unataka pikseli 2480 kwa 3508. Kuza mara mbili kwanza ukitumia script ya `SD upscale` kwa nguvu isiyozidi 0.25, maana script hiyo inafanya kazi kipande kwa kipande, na ukiipa 0.5 kila kipande kitaanza kuota bibi wake. Ongezeko linalobaki lifanywe na kikuzaji cha kawaida kwenye `Extras`. Usiagize nakala zote kwa kutazama skrini. Rangi za maji zina rangi hafifu sana karibu na nyeupe, na mashine za uchapaji hutofautiana hapo hapo. Nenda mwenyewe kiwandani na ukurasa mmoja, uchapwe kwenye karatasi ileile itakayotumika kwa kalenda, uutoe nje kwenye mwanga wa mchana. Ukiona ule mwanga wa mwisho wa uchochoro umegeuka karatasi tupu, rudi kwenye faili uupunguze mwanga hapo kidogo, kisha mchape tena ukurasa mmoja.